Maswali na Majibu: Fumbo la Jedwali Lenye Jibu Moja

Nikitunga fumbo, nianze na vidokezo au na jibu? (Msomaji, Rongai)

Anza na jibu. Swali hili huletwa kila mara, na huletwa na mtu ambaye tayari ameandika vidokezo kumi visivyopatana.

Vidokezo vyangu vyote ni vya kweli. Mbona jirani amepata jibu tofauti na langu? (Msomaji, Donholm)

Kidokezo kuwa kweli hakutoshi, sharti kikate kitu. Andika jibu kwanza: Wanjiru anauza samaki na anaishi Umoja, Otieno anauza mitumba na anaishi Kawangware, Halima anauza mandazi na anaishi Buruburu. Kabla ya kidokezo chochote kuna mipangilio 36, yaani njia 6 za kugawa biashara mara njia 6 za kugawa mitaa. Kila unapoongeza kidokezo, hesabu mipangilio iliyobaki.

"Otieno hauzi mandazi wala samaki." Basi ni mitumba, na inabaki 12. "Muuza mandazi anaishi Buruburu." Inabaki 4. "Wanjiru haishi Buruburu." Mandazi basi si yake, ni ya Halima, na samaki wanamwendea Wanjiru. Biashara zote zimetulia, ila mipangilio bado ni 2. Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini, kwa sababu wanajaza jedwali kwa jibu walilo nalo kichwani. Mpe Wanjiru Kawangware na Otieno Umoja, kisha soma vidokezo vitatu upya: hakuna kinachokataa. Jirani yako hajakosea. Kidokezo cha nne kina kazi moja tu, kutenganisha hiyo miwili: "Muuza mitumba haishi Umoja." Imebaki 1.

Usiridhike na kubadilishana wawili wawili, kwani jibu la pili linaweza kuwa limewazungusha wote watatu. Kwa fumbo dogo kama hili, andika mipangilio yote 36 kwenye karatasi na ukate mmoja mmoja.

Vidokezo vingapi vinatosha? (Msomaji, Kasarani)

Hakuna idadi. Ondoa kimoja, hesabu upya, kirudishe, nenda kwa kingine. Hapo juu, ukiondoa cha tatu unabaki na majibu 2, kwa hiyo kinakaa. Ukiongeza "Halima anauza mandazi" mwishoni, hakikati chochote. Kitupe.

Mpwa wangu alimaliza kabla ya kusoma kidokezo cha pili. Tatizo ni nini? (Mjomba, Kayole)

Mjomba, maneno yako yanavujisha jibu. Ukiandika "mama mandazi", Otieno ameshatolewa bila kidokezo. Ukimpa Otieno samaki, Nairobi nzima itakisia kwa jina lake tu, ndiyo maana hapa anauza mitumba. Na ukisema "muuza samaki na mkazi wa Kawangware walipanda matatu moja", umeshatangaza kwamba hao ni watu wawili. Kama hukukusudia hivyo, futa sentensi. Kama ulikusudia, kihesabu kama kidokezo.