Jibu lilikuwa na nukuu sahihi, na bado lilimponza mwalimu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepewa kazi ya kujenga mfumo utakaojibu maswali ya wateja kwa kutumia nyaraka za kampuni yetu. Nichukue modeli ipi ambayo haibuni mambo?" Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu nikafuta, maana swali hilo ndilo nililoanza nalo mimi, na kuna mtu alipoteza fedha zake kwa sababu nililiona ndilo swali lenyewe.

Unaijua RAG, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Swali likiingia, mfumo unapekua kwanza nyaraka zako, unaokota vipande vichache vinavyokaribiana na swali, kisha unaikabidhi modeli vipande hivyo pamoja na swali ili ijibu kutokana navyo. Jina lenyewe, kifupi cha retrieval-augmented generation, lilitoka katika makala ya kitafiti ya Patrick Lewis na wenzake ya mwaka 2020. Nia yake ni njema. Modeli ambayo haijawahi kuona kanuni zenu itakisia riba, lakini ukiiwekea kanuni mbele yake itasoma.

Mimi nilijenga mfumo wa namna hiyo kwa chama kimoja cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi, ambacho sitakitaja. Kulikuwa na kanuni za mikopo, nyaraka za bodi za miaka kadhaa na rundo la fomu. Siku ya kuuonyesha kwa bodi, kila jibu lilitoka na namba ya kifungu chini yake. Mwenyekiti, mama mtu mzima aliyekiongoza chama tangu wakati wa madaftari, alisoma jibu moja, akafungua kitabu chake cha kanuni, akakuta maneno ni yaleyale. Akaniambia, "Mwanangu, huu hauongopi." Nilitoka pale nikiwa juu ya mawingu, na kwa miezi miwili nililirudia neno hilo kwa kila aliyenisikiliza.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa na miezi saba ndani ya chama na akiba ya shilingi 1,400,000. Aliuliza kwenye simu yake: "Nina akiba ya 1,400,000 naweza kukopa sh ngapi?" Mfumo ukamjibu kwamba anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba zake, yaani 4,200,000, kwa mujibu wa Kifungu cha 14. Akaenda kuweka arubuni ya kiwanja, laki tano. Alipofika kaunta, afisa mikopo akamwambia kwamba aliyejiunga chini ya miezi 12 haruhusiwi kuzidi mara mbili, yaani 2,800,000. Kiwanja kikamponyoka na arubuni haikurudi. Alikuja ofisini akiwa ameishika simu ile, jibu likiwa bado kwenye kioo. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Sasa hiki kifungu mlichoniandikia hapa ni cha nani?"

Kifungu kilikuwa cha kwao, na nukuu ilikuwa sahihi neno kwa neno. Hilo linaniuma mpaka leo. Modeli haikubuni chochote.

Usiku ule nilifungua kumbukumbu za mfumo, nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya siku ya makofi: nikasoma kile modeli ilichopewa, si kile ilichojibu. Nilikuwa nimezikata nyaraka kila baada ya herufi 800, bila kujali sentensi wala kifungu. Kipande kimoja kiliishia hapa: "…mwanachama anaweza kukopeshwa kiasi kisichozidi mara tatu ya akiba zake." Kilichofuata kilianza hivi: "Isipokuwa kwamba ambaye hajatimiza miezi kumi na miwili hatazidi mara mbili." Masharti yote yaliyokuwa yakimhusu mwalimu yule yalikaa kwenye kipande cha pili, na modeli haikukiona kamwe.

Kwa nini haikukiona? Utafutaji wa aina hii hugeuza kila kipande kuwa vekta, yaani mfululizo wa namba unaowakilisha maana yake, halafu hulinganisha vekta hizo na vekta ya swali. Kipande cha pili hakikuwa na neno "mkopo" wala "akiba". Kilikuwa kimebeba "isipokuwa", miezi, na mwanzo wa kifungu kingine kuhusu wadhamini. Kikisomwa peke yake, hata mimi nisingejua kinazungumzia nini. Nilipopanga vipande vyote kwa ukaribu wake na swali, hicho kilikuwa cha 11. Mimi nilikuwa nikichukua vinne vya kwanza tu.

Ndugu yangu, hapa ndipo nataka unisikilize. Jibu lililobuniwa mara nyingi hujifichua: halina kifungu, au kifungu chake hakipo kitabuni. Jibu lililosimama juu ya nusu ya kifungu huja na muhuri. Mteja analiamini, mwenyekiti analiamini, na wewe uliyelijenga unalitetea. Modeli ghali zaidi isingemsaidia mwalimu yule, maana nayo ingesoma kipande kilekile.

Nilichobadilisha kwanza ni mahali pa kukata. Kanuni zetu zimeandikwa kwa vifungu na vifungu vidogo, na mwandishi wa kanuni alikwisha amua wazo linaanzia na kuishia wapi. Nikaacha kuhesabu herufi nikakata kwa vifungu vidogo. Juu ya kila kipande nikaandika kinakotoka: "Kanuni za Mikopo, Sehemu ya Nne, Kifungu cha 14, Ukomo wa mkopo kwa akiba." Kwa mstari huo mmoja, kile kipande cha "isipokuwa" kikapata maneno mkopo na akiba, na kikapanda. Kisha nikatenganisha kutafuta na kusoma. Mfumo unatafuta kwa kifungu kidogo, kwa sababu kifupi hulinganishwa vizuri zaidi na swali, lakini ukikipata unaipa modeli kifungu kizima, pamoja na isipokuwa zake zote.

Likabaki tatizo la vifungu vinavyoitana. Kanuni hupenda kusema "kwa kuzingatia Kifungu cha 9", na hicho cha 9 kinaweza kuwa kurasa kumi nyuma. Kwa hilo sikuhitaji ufundi mkubwa. Hapa matini ni maandishi ya kifungu kilichopatikana, na vifungu ni kamusi inayotoa kifungu kwa namba yake iliyohifadhiwa kama maandishi:

```python
import re
namba = re.findall(r"[Kk]ifungu cha (\d+)", matini)
vingine = [vifungu[n] for n in namba if n in vifungu]
```

Kila kifungu kinachotajwa ndani ya kile kilichopatikana kinafuatwa na kuongezwa, hatua moja tu. Ukifuata hatua mbili au tatu utaishia kuimwagia modeli nusu ya kitabu, na ukiipa maandishi mengi, jambo la muhimu lililokaa katikati hupotea kirahisi.

Halafu nikagundua jingine lililokuwa likinisubiri. Ndani ya hifadhi kulikuwa na kanuni za sasa na zile za zamani zilizofutwa, kwa sababu nilipewa folda nzima nikaiingiza nzima. Vekta haijui tarehe. Vifungu viwili vinavyosema jambo moja kwa viwango tofauti hukaa karibu kabisa, vyote hupatikana, na modeli huchagua kimoja au huvichanganya. Usitegemee maelekezo ya "tumia toleo jipya". Weka alama ya hali ya waraka kwenye kila kipande, na vilivyofutwa vichujwe kabla utafutaji haujaanza. Kazi yenyewe iliniketisha siku mbili na katibu wa chama, karatasi kwa karatasi, yeye akisema hii bado inatumika, hii ilifutwa, hii ilifutwa aya ya tatu tu. Hakuna programu ingenifanyia hilo, kwa kuwa maarifa hayo yalikuwa kichwani mwake.

Na Kiswahili chetu kina mambo yake. Nilipoongeza utafutaji wa maneno yenyewe, ule wa BM25, ili mtu akiandika namba ya fomu aipate fomu hiyohiyo, nilikuta unaona "mkopo", "mikopo", "nikikopa" na "atakopeshwa" kama maneno manne yasiyojuana. Kiingereza kina vifaa vya kupunguza neno hadi shina lake karibu kila mahali. Kwetu viambishi viko mbele na nyuma, na vifaa vingi vya kawaida havivijui. Nilichofanya ni kuyavunja maneno kuwa vijisehemu vya herufi nne nne, hivyo "mkopo" na "mikopo" vinakutana kwenye "kopo", lakini "nikikopa" na "atakopeshwa" bado havikutani, maana kimoja kina "kopa" na kingine "kope"; hapo vekta hubeba kilichobaki. Tafuta kwa njia zote mbili, kisha unganisha orodha zake. Usitegemee moja.

Sasa kuhusu kujua kama umetengeneza au umejidanganya. Mwanzoni nilipima majibu kwa kuyasoma na kuyapenda. Hicho si kipimo. Nilikaa na dada wa kaunta tukaandika maswali 40 kama wanachama wanavyoyaandika, na makosa yao ya tahajia, na "sh ngapi" zao. Kando ya kila swali, afisa mikopo akaandika vifungu vyote vinavyohitajika ili kulijibu, si kimoja. Kisha nikapima jambo moja tu kabla ya modeli kuguswa: je, vifungu vyote hivyo vimo ndani ya vilivyookotwa? Kwa ukataji wangu wa kwanza vilikuwamo kwa maswali 23. Baada ya marekebisho, 36. Yale manne nayajua kwa majina, na mawili yanahusu jedwali lililoskaniwa vibaya ambalo baadaye nililichapa upya kwa mkono.

Pima hatua hiyo peke yake. Ukipima jibu la mwisho tu, hutajua kama modeli imesoma vibaya au imepewa kibaya, na tiba za magonjwa hayo mawili hazifanani hata kidogo. Nawaona vijana wanabadilisha modeli kila mwezi, wanaandika maelekezo marefu ya "usibuni, usibuni", na hawajawahi hata siku moja kufungua vipande wakavisoma kwa macho yao. Someni vipande! Vichapisheni, mkae navyo chini, msome kimoja kimoja kama mtu asiyejua kilichotangulia.

Swali la mwalimu ni namba 1 kwenye orodha yetu, kwa maneno yake yaleyale. Hata vifungu vyote vikipatikana, bado swali lile halina jibu moja, kwa sababu hakusema amejiunga lini, na kanuni inategemea hilo. Kwa hiyo maswali ya kiasi sasa hayajibiwi papo hapo. Mfumo unauliza kwanza, "Umejiunga mwezi gani?", na hesabu ya kuzidisha inafanywa na programu ya kawaida, si na modeli.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, modeli tutaichagua baadaye. Nitumie kurasa mbili za nyaraka zenu kama zilivyo, na maswali kumi yaliyoandikwa na wateja wenyewe.