BF3, NF3 na ClF3: florini tatu, maumbo matatu

Ukikaa jioni mbili tatu na pasti pepa za kemia za kidato cha sita, utakutana na swali hili, leo limevaa hivi, kesho vile: BF3, NF3 na ClF3 zote zina florini tatu, kwa nini maumbo yake hayafanani, na zipi ni molekuli zenye ncha, yaani zenye upande mmoja chanya kidogo na mwingine hasi kidogo? Mimi mara ya kwanza nilichora pembetatu bapa tatu, kwa kuwa fomula zinafanana. Kisha nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba BF3 ndiyo yenye ncha kali kuliko zote. Mwalimu alikata kwa wino mwekundu, pembeni akaandika maneno matatu: "Bondi si molekuli." Nikikaa na vijana wanaoanza mada hii, naanza na swali hilohilo.

Usichore kitu kabla ya kuhesabu. Chukua elektroni za ganda la nje za atomu ya kati, ongeza moja kwa kila florini, gawanya kwa mbili. Boroni ina 3, ukiongeza 3 unapata 6, yaani jozi 3. Naitrojeni ina 5, jumla 8, jozi 4. Klorini ina 7, jumla 10, jozi 5. Katika kila molekuli jozi tatu zimeshika florini, kwa hiyo zinazobaki ni jozi pweke: boroni haina, naitrojeni inayo moja, klorini inazo mbili. Tofauti yote ya maumbo imetoka hapo. Ikiwa ni ioni, chaji chanya inapunguza elektroni na chaji hasi inaongeza. H3O+ ni 6 na 3 kutoa 1, yaani 8, jozi nne. Wengi husahau kutoa hiyo moja, wakapata nusu jozi, na bado wakaendelea kuchora. Ukiona nusu kwenye molekuli za kawaida za mtihani, rudi nyuma.

Sasa jozi hizo zote ni hasi, hivyo zinasukumana na kila moja inataka kukaa mbali na wenzake iwezekanavyo. Hapa mimi hutumia kiazi na vijiti vya meno, maana ubaoni kila kitu kinaonekana bapa. Jozi tatu kuzunguka boroni zinatawanyika kwenye sakafu moja, pembe za nyuzi 120. Hiyo ni pembetatu bapa, na kwa BF3 imeisha.

Naitrojeni ina vijiti vinne. Vinne havitulii bapa. Vinakaa kama tetrahedroni, nyuzi 109.5. Lakini kijiti kimoja hakina florini, na sisi tunapotaja umbo la molekuli tunataja mahali zilipo atomu, si mahali zilipo jozi. Ondoa macho kwenye kijiti kitupu na utaona piramidi. Wanafunzi wanaoandika "tetrahedroni" kwa NF3 wamejibu mpangilio wa jozi, ilhali swali limeuliza umbo. Pia pembe inabanwa, kwa sababu jozi pweke inashikwa na kiini kimoja tu, hivyo inatanuka na kusukuma kwa nguvu kuliko jozi ya bondi. Kwenye NF3 pembe imeshuka hadi karibu nyuzi 102. Ukiandika tu "kwa sababu ina jozi pweke", hujaeleza kitu. Sema nani anamsukuma nani zaidi.

ClF3 ndiyo inayotenganisha waliokariri na walioelewa. Choma vijiti vitano kwenye kiazi: vitatu kiunoni, vikiachana nyuzi 120, kimoja juu na kimoja chini. Jozi pweke mbili zikae wapi? Hesabu majirani walio kwenye nyuzi 90, maana hao ndio wanaoumizana. Kijiti cha juu kina majirani watatu wa namna hiyo, yaani kiuno chote. Kijiti cha kiunoni kina wawili tu, wa juu na wa chini. Wenzake wa kiunoni wako mbali, nyuzi 120. Kwa hiyo jozi pweke, ambayo ndiyo yenye fujo, inachagua kiuno. Zote mbili zikikaa kiunoni, florini zinabaki juu, chini, na moja ubavuni. Laza kiazi chako ubavu uone: ni herufi T. Jozi pweke zinaisukuma kidogo mikono ya hiyo T kuelekea florini ya katikati, ndiyo maana pembe iliyopimwa ni nyuzi 87.5 badala ya 90.

Tuje kwenye ncha. Kwenye jedwali la elementi, uvutaji wa elektroni unaongezeka ukienda kulia na ukipanda juu, florini akiwa kileleni. Kwa kipimo cha Pauling florini ni 3.98, klorini 3.16, naitrojeni 3.04, boroni 2.04. Mara nyingi mtihani haukupi namba hizi, lakini mwelekeo unatosha: boroni iko mbali zaidi na florini, hivyo bondi ya B–F ndiyo yenye ncha kali kuliko zote tatu. Hadi hapo nilikuwa sahihi siku ile. Kosa langu lilikuwa kusimama hapo. Chora mshale kwa kila bondi ukielekea florini: mishale mitatu iliyo sawa, kwenye sakafu moja, ikiachana nyuzi 120, inafutana yote. BF3 haina ncha hata kidogo. ClF3 inayo, kwani mkono wa juu na wa chini unakaribia kufutana lakini ule wa ubavuni hauna wa kuupinga sawasawa.

NF3 ina utamu wake, hasa swali likiiweka karibu na NH3. Zote ni piramidi, na tofauti ya uvutaji ni karibu sawa: 0.94 kwa N–F, 0.84 kwa N–H. Mtu angetegemea ncha zake zilingane. Vipimo vya ukubwa wa ncha vinasema NH3 ni debye 1.47 na NF3 ni 0.23 tu. Chora mishale tena, safari hii na wa jozi pweke. Kwenye NH3, naitrojeni ndiyo inayovuta, mishale ya bondi inapanda kuelekea ilipo jozi pweke, na yote inasaidiana. Kwenye NF3 florini ndiyo inayovuta, mishale inashuka, jozi pweke inavuta juu. Wanagombana, kinabaki kidogo. Mvuto huohuo ndio unaoeleza pembe: kwenye NF3 jozi za bondi zimesogea mbali na naitrojeni, zimepungua kusukumana, hivyo zinabanika kirahisi kuliko za NH3 yenye nyuzi 107.

Kutokana na hayo vijana wengi hujitungia kanuni kwamba penye jozi pweke pana ncha. Nikiisikia, nawapa XeF4. Zenoni ina 8, ongeza 4, ni jozi sita, mbili pweke. Zinakaa mkabala, moja juu moja chini, florini nne zinabaki mraba bapa, na kila mshale una wa kuufuta.