"Jaza meza": mambo manne kwa wadogo zangu wa kopi

Jana mdogo wetu mmoja hapa biro ameniletea kopi ya tangazo la sikukuu la duka la vyakula: "Noeli ya kushiba! Jaza meza, jirani ashangae!" Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyaandika mimi mwenyewe, karibu herufi kwa herufi. Basi kaeni kidogo.

1. Soma kalenda ya mahindi kabla ya kalenda ya kliyenti. Hapa Lubumbashi unga wetu mwingi unategemea mahindi ya Zambia, na wote tunajua malori ya mpakani Kasumbalesa. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwezi wa pili, Noeli iko mbali, nani alikuwa na habari? Lakini mavuno ni mwezi wa nne na wa tano. Yakikosekana pale, akiba inakonda polepole, na mwezi wa kumi na mbili ndio watu wanafika chini ya gunia. Hata mwaka mzuri, kuanzia Desemba mpaka Machi mahindi mapya bado yako shambani. Maana yake msimu wetu wa "furaha tele" unaangukia ndani ya miezi ya njaa kila mwaka.

Mimi hayo sikuyajua. Oktoba 2024 niliandika esemesi ya duka moja, nikaipanga itoke yenyewe wiki ya Noeli: "Krismasi ni kula mpaka kushiba! Jaza meza, jaza gari!" Herufi chini ya 160, nikajisifu. Ikafika siku yake, nami niko pale dukani kusimamia afishi mpya, ile ya familia inacheka mbele ya kuku wawili. Asubuhi hiyohiyo kijana wa rafu alikuwa anabandika bei mpya juu ya gunia la kilo 25, karatasi ya zamani ikiwa bado inaonekana pembeni. Simu zikaanza kulia ndani ya foleni, moja baada ya nyingine. Mama mmoja, pochi mkononi, akasoma kwa sauti mpaka mwisho. Akamwangalia keshia: "Nani amewaambia niko na gari?" Foleni ikacheka, cheko kile kisichokuwa na furaha. Akaweka mfuko wa mchele chini, akatoka. Kule Katuba, alisema akipita mlangoni, wanampimia unga kwa meka na hawamtukani. Nilikuwa nimeshika gundi ya afishi. Sikuibandika.

Ningeishia hapo afadhali. Jioni, kwa aibu, nikatuma ya pili: "Wateja wapendwa, tunashiriki mateso yenu." Bei ni ileile ya asubuhi! Watu waliijibu, na majibu mengine siwezi kuyaandika hapa. Patroni wa duka aliniuliza kitu kimoja tu: "Umeshiriki nao nini?" Sikuwa na jibu.

2. Kwa hiyo huruma isiyoshusha bei wala kupunguza kipimo, iache nyumbani.

3. Ondoa amri za tumbo na za wingi: jaza, shiba, kula mpaka, tele. Weka mahali pake mambo ambayo mtu mwenye pesa kidogo anatafuta: kipimo kidogo kabisa kinachouzwa, bei kwa franka, bei hiyo inaishia siku gani. Ya tatu niliyoandika mwaka ule, baada ya kumwomba patroni ashikilie bei siku nne na akubali kufungua magunia, ilikuwa hivi: "Unga wa mahindi: tunapima kuanzia kilo 1. Bei ya leo haitabadilika mpaka Jumamosi jioni. Sikukuu njema." Angalieni, salamu ya sikukuu ipo. Iko mwishoni, maneno mawili, haimwambii mtu ajisikieje. Na ahadi ya Jumamosi ilikuwa ya kweli. Patroni asingekubali, nisingeiandika, ningebaki na kilo 1 tu. Hapo ndipo kazi ya kopi inapoanza, wadogo zangu: mlangoni pa patroni, kabla ya kalamu.

Afishi tuliibadilisha pia. Kuku wakaondoka, tukaweka mfuko wa kilo 1 kwenye mizani, sindano inaonekana vizuri. Mpiga picha alilalamika kwamba haina uhai. Mama wa foleni waliisogelea kusoma namba.

4. Ujumbe uliopangwa mapema usomwe tena asubuhi ya kutoka, umesimama dukani, siyo umekaa biro.

Sasa wewe wa jana, kopi yako iko mezani kwangu. Nimekata "jirani ashangae", kwa sababu jirani huyo atakuja kukopa unga. Alama za mshangao zilikuwa mbili. Nimekuachia moja, chagua mwenyewe pa kuiweka. Na kabla ya saa sita nenda ukaulize kama wanapima kilo 1.