Barua kuhusu bili ya maji

"Nimeandikia kampuni ya maji kurasa mbili kuhusu bili ya yuniti 106. Naishi Umoja na watoto wawili tu. Mnisomee, iko sawa?"

Dada, ushahidi unao, ila umeuzika ukurasa wa pili. Bili inasema mita ilisomwa 1,482 tarehe 3, kutoka 1,376 mwezi uliotangulia. Picha yako ya tarehe 9 inaonyesha 1,391. Mita hairudi nyuma, kwa hivyo ile 1,482 haikusomwa kwenye mita yako. Hiyo ndiyo iwe aya ya kwanza, baada ya namba ya akaunti na ya mita. Hakikisha picha inaonyesha namba ya mita pamoja na usomaji. Ukikata namba, watasema ni mita ya jirani.

Habari za watoto na foleni ya ofisini, toa. "Nyinyi ni wezi" pia toa, hata kama damu inachemka. Karani akishatukanwa, hana haraka na faili yako.

Shida kubwa ni ombi lako: "naomba mnisaidie." Wakusaidie vipi? Andika hivi:

"Naomba mita isomwe upya nikiwepo, bili irekebishwe kulingana na usomaji huo, na maji yasikatwe suala hili likishughulikiwa. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitawasilisha malalamiko kwa WASREB."

Hiyo sentensi ya mwisho si tusi. WASREB ndiyo mdhibiti wa huduma za maji. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.