EPOS ya DAAD: kamati na mfadhili wanatafuta nini kwenye barua zako

Swali: "Habari wakuu. Nina digrii ya misitu, GPA 3.6, niko halmashauri mwaka wa tatu sasa kama afisa misitu. Mwaka jana niliomba EPOS ya DAAD, nikajibiwa tu kwamba sijachaguliwa. Jamaa yangu ana GPA 3.4 na amepata. Nibadilishe nini?"

Mkuu, mimi nilisoma Ujerumani kwa EPOS hiyohiyo, ufadhili wa shahada ya uzamili unaosimamiwa na DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, na nilitokea halmashauri kama wewe, kwenye misitu ya vijiji huku kusini. Tangu nirudi, wenzangu wengi hunipa barua zao nizipitie kabla hawajatuma, kwa hiyo nitakujibu kutokana na yale ninayoyaona yakijirudia.

Tuanze na GPA maana ndiyo inayokuumiza kichwa. Kwa Wajerumani alama bora ni 1 na ya chini ya kufaulu ni 4, na vyuo vingi hubadilisha alama za nje kwa kanuni hii:

```
x = 1 + 3 × (Nmax − Nd) ÷ (Nmax − Nmin)
```

Nmax ni alama ya juu kabisa kwenu, Nmin ni ya chini ya kufaulu, Nd ni yako. Kwa mfumo wetu wa 5.0 na 2.0, hesabu inakuwa nyepesi: unachukua 6 unatoa GPA. Ya kwako inatoka 2.4, ya jamaa yako 2.6. Kozi nyingi zinazoweka kikomo huweka 2.5, kwa hiyo wewe unapita, ingawa kwa nafasi finyu, na yeye bila shaka aliomba kozi isiyobana hapo. Cha kufanya ni kuhakikisha ukurasa wa transkripti unaoonyesha viwango vya alama vya chuo chako umeuskani pamoja na nyingine. Mara nyingi uko nyuma ya karatasi na watu wanausahau, halafu msomaji wa huko anabaki kukisia Nmin yako ni ipi.

Sasa tuje kwenye kiini. EPOS haiombwi DAAD, inaombwa kwenye kozi yenyewe, na kila kozi ina tarehe yake ya mwisho. Wahadhiri wa kozi ndio wanaochuja kwanza, kisha majina ya waliopendekezwa yanakwenda DAAD. Na fedha ya mpango huu inatoka wizara ya Ujerumani inayoshughulikia ushirikiano wa maendeleo, si wizara ya elimu. Hapo ndipo masharti yote yanapoeleweka. Kwa nini wanataka angalau miaka 2 ya kazi baada ya digrii? Kwa nini digrii isiwe imezidi miaka 6? Kwa nini wanahangaika na barua ya mwajiri? Kwa sababu hawatafuti mwanafunzi hodari peke yake. Wanatafuta mtu aliye ndani ya kazi fulani nchini kwake, aliyefika mahali ambapo ujuzi alionao haumtoshi, na ambaye kazi hiyo inamngoja arudi. Mhadhiri anasoma maombi yako akijiuliza kama utaimudu kozi yake na kwa nini umeichagua hiyo. Mfadhili anajiuliza utarudi kufanya nini, kwa nani. Karatasi zilezile lazima ziwajibu wote wawili.

Barua ya nia ndiyo inayoharibika zaidi. Nyingi ninazosoma zinaanza hivi: "Tangu utotoni nimependa mazingira. Tanzania inakabiliwa na ukataji miti na mabadiliko ya tabianchi. Ujerumani ina elimu bora duniani, na shahada hii itanisaidia kutimiza ndoto yangu ya kuchangia maendeleo ya taifa." Hakuna uongo hapo, ila hakuna hata sentensi moja ambayo mwombaji wa Ghana au Nepal asingeweza kuiandika. Mhadhiri wa misitu ya tropiki hahitaji kuambiwa misitu inakatwa. Anahitaji kujua wewe ulikuwa wapi, ukipima nini, na nini kilikushinda.

Nichukue mfano wa afisa misitu wa wilaya yenye misitu ya hifadhi ya vijiji, ile inayotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2002. Kazi yake ni kuvisaidia vijiji kuandaa mpango wa usimamizi, na ndani ya mpango huo kuna kiasi cha miti kinachoruhusiwa kuvunwa kwa mwaka. Kiasi hicho kinatokana na kupima maploti ya sampuli. Aya yake ya kwanza ingekuwa hivi: "Ninasimamia upimaji wa maploti kwenye misitu ya vijiji vitatu vinavyovuna mninga na mkongo. Tunaweza kuhesabu miti mikubwa iliyopo leo. Hatuna njia ya kujua kama miche inayoota baada ya uvunaji inatosha kuziba pengo, kwa hiyo mpango unapofikia muda wa kupitiwa tunarudia kiasi kilekile cha zamani." Angalia kilichotokea. Kwa sentensi tatu msomaji ameona mahali, aina za miti, kazi anayoifanya kwa mikono yake, na tatizo la kitaalamu ambalo shahada ya uzamili inaweza kulitatua.

Aya ya pili inatoka moja kwa moja kwenye pengo hilo. Kama anaomba kozi ya misitu ya tropiki ya chuo kikuu cha ufundi cha Dresden, inayofundishwa Tharandt, afungue orodha ya moduli na achague mbili au tatu zinazogusa upimaji na ukuaji wa msitu, aseme kila moja inaziba sehemu gani ya tatizo lake. Si kunakili majina ya moduli kumi. Kama anaomba na Göttingen, ambako pia kuna kozi ya misitu ya tropiki, aya hii lazima iandikwe upya kabisa. Mhadhiri anajua kozi yake, na akisoma sifa zinazoweza kuwa za chuo chochote anajua barua imetumwa kwingi. Ukiomba kozi zaidi ya moja, eleza wazi ipi unaitanguliza na kwa nini.

Aya ya mwisho ni ya kurudi, na hapa "nitachangia maendeleo ya taifa" haitoshi. Yule afisa wetu angeandika: "Nitakaporudi, mipango ya vijiji hivi itakuwa inakaribia kupitiwa upya. Nitatumia njia ya kufuatilia miche niliyoijaribu kwenye tasnifu yangu, na kuwafundisha wapimaji wa vijiji kuitumia." Kitu kidogo, lakini kinawezekana na kina mwenyewe. Mtu akiahidi kuokoa misitu yote ya nchi namwambia apunguze, maana anayesoma ni mtaalamu na anajua afisa wa wilaya ana uwezo kiasi gani. Barua nzima isizidi kurasa mbili, iwe na mahali, tarehe na saini.

Sasa barua ya mwajiri, ambayo naamini ndiyo inayowaangusha watumishi wa halmashauri kuliko kitu kingine. Wenzetu wanaichukulia kama kibali. Matokeo yake ni ile barua ya masijala tunayoijua sote: "Mtajwa hapo juu ni mtumishi wa halmashauri hii tangu tarehe fulani. Tunamtakia kila la heri." Masharti ya DAAD yanataka karatasi yenye nembo ya ofisi, saini, mhuri na tarehe ya mwaka huohuo wa maombi, na ikiwezekana iseme kwamba utapokelewa kazini ukirudi. Hilo la mwisho ndilo dhahabu. Mtumishi wa umma wa ajira ya kudumu analipata kwa urahisi kuliko mtu wa mradi wa mkataba, halafu analiacha kwa sababu hakuliomba.

Fanya hivi. Kaa na mkuu wako wa idara, anayeijua kazi yako, mpe barua ya nia uliyoiandika na karatasi moja yenye mambo matatu: kazi unazofanya sasa, pengo ambalo idara inalo, na nafasi utakayorudia. Aandike yeye kwa maneno yake, kisha barua ipande kwa afisa utumishi hadi kwa mkurugenzi aisaini. Usimwandikie wewe kila neno. Barua mbili zenye misemo ileile zinajulikana. Kinachotakiwa zifanane ni ukweli wake. Niliwahi kuona maombi ya kijana mmoja ambaye CV yake ilisema "niliongoza zoezi la upimaji" huku barua ya mwajiri ikisema "alisaidia kukusanya takwimu". Msomaji akikuta hivyo hataki tena kujua nani mkweli, anakwenda kwa mwombaji mwingine. Kwa hiyo ukiambiwa urekebishe wasifu wako, maana yake ni kuchagua kipi kitangulie na kukiwekea ushahidi. Si kukuza vyeo.

CV inatakiwa kwa muundo wa Europass, ule wa Umoja wa Ulaya, na kazi zako ziwe na mwezi na mwaka wa kuanza na kuisha, zikilingana na vyeti vya mwajiri. Field ya mwaka wa tatu chuoni usiihesabu kwenye ile miaka miwili, ilikuwa kabla ya digrii. Kama una semina nyingi za siku mbili mbili, weka zile tu zinazohusu upimaji au usimamizi wa msitu.

Neno moja kama unafikiria pia Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, maana wengi wanaomba zote kwa pamoja. Usihamishe barua hii kwenda kule. Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, wanakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo, na insha zao zinakupima uongozi na namna unavyojenga mahusiano na watu. Ile hadithi ya maploti bado inafaa, ila pale inayotangulia ni jinsi ulivyoishawishi kamati ya maliasili ya kijiji ikubali kupunguza uvunaji.

Kuhusu muda, anza na barua ya mwajiri kabla ya kitu kingine chochote. Kozi nyingi za EPOS hufunga kati ya Julai na Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata, na faili linaweza kulala mezani kwa mkurugenzi wiki kadhaa akiwa safarini au kwenye vikao vya baraza. Ikitoka, kabla hujaondoka ofisini tazama kama mhuri umegusa saini na tarehe inasomeka, kisha uiskani kwa rangi. Ukishaandika rasimu ya barua ya nia iweke hapa, ficha jina lako na la wilaya, nami nitaipitia aya kwa aya.