Hezi 60 zilikuwepo, rangi ndizo zilizokatwa

Kocha mmoja wa ndondi kutoka Naguru alikuja kwenye chumba chetu cha usanifu pale Nasser Road, Kampala, kuangalia bango la pambano la vijana wake. Nilikuwa nimelifungua kwenye runinga ya inchi 43 tuliyoitundika ukutani ili mteja aone kazi yake bila kusimama mgongoni kwangu. Usuli mweusi, majina ya mabondia kwa nyekundu iliyokoza. Kocha akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Dada, haya maandishi mbona yana ukungu? Watu watayasoma kweli?"

Nikainuka nikaangalia. Alikuwa anasema kweli. Majina makubwa yalikuwa yanasomeka, ila kingo zake zilionekana kama zimelowa. Mstari wa chini, wenye tarehe na ukumbi, ulikuwa mbaya zaidi: matundu ya herufi "a" na "e" yalikuwa yameziba. Nikabadilisha fonti. Nikaongeza unene. Nikahakikisha kwamba maandishi hayajageuzwa picha. Nusu saa ikaisha na ukungu uko palepale. Mwishowe nikamchapia nakala moja ya A3, na kwenye karatasi kila herufi ilikuwa imekaa sawasawa, kingo kali kama wembe. Kocha akaridhika, akalipa kianzio, akaondoka. Mimi nikabaki naitazama runinga.

Kilichonitatiza ni kwamba kila kitu nilichojua kukikagua kilikuwa sawa. Windows ilisema 3840 × 2160, hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Runinga ni ya 4K. Kadi ya grafiki ni GTX 1050 Ti, ambayo tundu lake ni HDMI 2.0. Isitoshe, miezi yote hiyo nilikuwa nafungua ankara na barua kwenye skrini hiyohiyo, maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, na hakuna hata siku moja niliyoona ukungu.

Hapo ndipo jibu lilipokuwa limejificha. Kuna namna ya kutuma picha inayoitwa 4:2:0. Kila pikseli hupewa mwanga wake yenyewe, lakini rangi hugawanwa: pikseli nne zilizokaa pamoja, mbili juu na mbili chini, hupewa rangi moja. Kwa hiyo skrini ya 3840 × 2160 hupata mwanga kamili, ila rangi zake ni za 1920 × 1080 tu. Herufi nyeusi juu ya nyeupe haziumii, kwa sababu tofauti yake yote iko kwenye mwanga. Herufi nyekundu juu ya nyeusi ni kinyume. Nyekundu haina mwanga mwingi, kwa hiyo ukingo wa herufi unabebwa zaidi na rangi, na rangi ndiyo iliyopunguzwa. Filamu karibu zote hutumwa hivyo na jicho halilalamiki. Bango la ndondi linalalamika.

Nikafungua NVIDIA Control Panel, sehemu ya Change resolution, nikashuka mpaka kwenye Output color format. Palikuwa pameandikwa YCbCr420, ndiyo hiyo 4:2:0. Nilipofungua orodha ili nichague RGB, namna inayompa kila pikseli rangi yake, RGB haikuwemo. Nikashusha hezi zikawa 30, RGB ikajitokeza. Nikarudisha 60, ikapotea. Mashine ilikuwa inanichagulia bila kuniambia: ukitaka mwendo, toa rangi, ukitaka rangi, toa mwendo.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini. Picha ya 4K ikipita kwenye HDMI haibebi pikseli unazoziona tu. Ina nafasi tupu pembeni na chini, na ukizijumlisha unapata fremu ya 4400 kwa 2250, yaani nukta 9,900,000. Zidisha kwa 60, unapata nukta milioni 594 kwa sekunde. HDMI 1.4, ya mwaka 2009, inaishia milioni 340. HDMI 2.0, ya mwaka 2013, inaishia milioni 600, kwa hiyo 594 inapita kwa kubanana. Kwa mwendo wa HDMI 1.4 zipo njia mbili tu za kuipitisha 4K: upunguze hezi ziwe 30, au upunguze rangi kwa 4:2:0. Zote mbili zinakupeleka kwenye milioni 297. Nilichokuwa nakiona mezani kwangu ni hesabu ya HDMI 1.4 kabisa, ingawa kadi yangu ni ya 2.0.

Fundi wa duka la jirani aliposikia alisema neno moja: kebo. Nikanunua nyingine kwa shilingi 25,000, imeandikwa 8K kwa herufi za dhahabu. Hakuna kilichobadilika, na sasa ninajua kwamba hakuna ambacho kingebadilika. Unapochomeka HDMI, runinga humkabidhi mwenzake orodha fupi ya vitu inavyoweza kupokea, orodha inayoitwa EDID. Kadi ya grafiki huisoma na kuchagua kutoka humo. Kebo ya kawaida ya HDMI haiulizwi lolote katika makubaliano hayo. Kama RGB ya hezi 60 haimo kwenye orodha, hata kebo ya dhahabu tupu haitaileta.

Tatizo lilikuwa runinga yenyewe. Runinga nyingi za 4K hutoka kiwandani zikiwa zimefungiwa kila tundu la HDMI kwenye orodha ya zamani, ili ving'amuzi na mashine za diski za zamani zisichanganyikiwe. Unatakiwa uifungue mwenyewe kwenye menyu, tundu kwa tundu, na kila kampuni imelipa jambo hili jina lake. Kwenye Samsung utaona Input Signal Plus, kwenye za zamani kidogo HDMI UHD Color. Kwenye LG ni HDMI Ultra HD Deep Colour. Kwenye Sony ni HDMI signal format, na unachagua Enhanced format. Nikaiwasha kwa tundu la kompyuta. Runinga ikazima sekunde mbili, ikarudi. Nikafungua tena ile orodha na RGB ilikuwemo, hezi 60 zikiwa palepale.

Nilifungua bango la kocha. Tundu la "a" lilikuwa wazi. Kulikuwa bado na mabaki ya ukungu kwenye nyekundu, nayo yaliisha nilipobadilisha jina la tundu hilo kwenye menyu ya runinga likawa PC. Baadhi ya runinga hupokea rangi kamili kisha zikazipunguza zenyewe ndani, isipokuwa umeziambia kwamba aliyechomekwa hapo ni kompyuta. Kwa hiyo usiishie kwenye kile Windows inachosema. Fungua Paint, paka usuli mweusi, andika maneno madogo kwa nyekundu, kisha mengine kwa buluu, uyaangalie kwa asilimia 100 bila kukuza. Jicho lako ndilo linaloona mwisho wa safari. Programu inaona mwanzo tu.

Sasa kebo ikaanza kudai haki yake. Siku ileile skrini ilianza kuwa nyeusi kwa sekunde moja, kila baada ya dakika kadhaa, na mara nyingine vidoti vyeupe vilimetameta kwenye sehemu za giza. Nilikuwa nimerudisha kebo yangu ya kwanza ya mita 5, iliyopitishwa ukutani. Ilibeba milioni 297 miezi yote bila tabu, lakini 594 ziliishinda. Nikaisogeza kompyuta karibu na ukuta, nikatumia ya mita 2 yenye lebo ya Premium High Speed, ile inayopimwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde, na weusi ukakoma. Huu ndio mpaka ambao ningependa uukumbuke unapotafuta kosa la HDMI: kebo inayoshindwa hupiga kelele, unaona vidoti na weusi, ila makubaliano ya matundu hupunguza kimyakimya, picha ikabaki imetulia kabisa. Picha yako ikiwa imetulia lakini haina ubora, weka akiba pesa ya kebo na ufungue menyu.

Bado kuna ukuta ambao HDMI 2.0 haiuruki. Milioni 594 ni kwa rangi za biti 8. Ukitaka biti 10, hesabu inaongezeka kwa robo, inafika kama milioni 742, na hapo umepita 600. Ukiwasha HDR, namna ya picha yenye mwanga mpana zaidi inayotaka biti 10, kwa 4K na hezi 60 kwenye tundu hilo, rangi zitapunguzwa mahali fulani, iwe kwenye biti au kwenye kugawana. Mimi HDR nimeiacha imezimwa kwenye skrini ya kazi, na sioni hasara.

DisplayPort ni habari nyingine, na tabia yake ni tofauti na nilivyosema juu ya kebo. Toleo la 1.2 tu, la mwaka 2010, linapitisha 4K ya hezi 60 kwa biti 10 bila kugawana rangi. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zinazouzwa hapa Kampala zina tundu hilo nyuma, lenye kona moja iliyokatwa, na watu hulipita kwa sababu hawana waya wake. Kama monita yako inalo pia, anzia hapo, hasa kama kichakataji ni Intel cha kizazi cha 8 au cha nyuma yake: grafiki zake zenyewe huishia HDMI 1.4 isipokuwa aliyetengeneza bodi ameongeza chipu ya kugeuza. Adapta ndogo za bei nafuu za DisplayPort kwenda HDMI hazikuokoi. Nyingi hazina chipu ya kugeuza ndani, zinaifanya kompyuta itoe HDMI ya kawaida kupitia tundu lile, nawe unarudi kwenye hezi 30. Inayofaa imeandikwa active na hezi 60 za 4K, na inakwenda upande mmoja tu. Ukiigeuza, haitoi picha.

Ila kebo mbovu ya DisplayPort mara nyingi haipigi kelele. Kabla ya picha kutoka, kompyuta na monita hujaribishana mwendo, na mwendo wa juu ukijaa makosa hushuka ngazi moja na kuendelea kama kawaida. Jirani yangu anayehariri video za harusi alikaa wiki nzima na monita ya 4K inayompa hezi 30 pekee kupitia DisplayPort, orodha ya Windows haina 60 kabisa, picha safi haina kidoti. Tukachomoa waya wake wa mita 3, tukaweka wa mita 1 na nusu uliokuja ndani ya katoni ya monita. Hezi 60 zikaingia kwenye orodha kabla hatujagusa kipanya.