Megahezi 16 ni nanosekunde ngapi?

> "Bodi yangu ya kielektroniki ina saa ya megahezi 16. Mizunguko 40 itachukua muda gani?"

Ndugu, gawanya 1000 kwa megahezi zako, upate nanosekunde za mzunguko mmoja. Megahezi 1 ni mizunguko milioni moja kwa sekunde, na sekunde ina nanosekunde bilioni moja. Ndiyo maana ya hiyo 1000.

1000 ÷ 16 = 62.5. Zidisha kwa 40: nanosekunde 2500, yaani maikrosekunde 2.5.

Wanafunzi wangu hapa Kisumu huteleza wakizidisha 16 kwa 40, wanapata 640. Jipime hivi: saa ikipungua hadi megahezi 8, muda lazima uongezeke, na kweli unakuwa maikrosekunde 5. Ile njia ya kuzidisha ingeupunguza hadi 320.

Tena hesabu mizunguko, si amri za programu. Amri moja yaweza kula mizunguko miwili au zaidi.